Vijiti vya Zambarau Alfajiri

Mashine ya kuoteshea damu ililia saa 10:35 alfajiri. Mlio wake hautishi, ni sauti nyembamba kama ya simu inayoomba chaji, lakini ukishafanya kazi maabara miaka kadhaa unaweza kuisikia hata ukiwa usingizini. Nilivuta droo iliyowaka taa nikatoa chupa moja. Kitako chake, ambacho jioni kilikuwa kijani iliyokolea, kilikuwa kimegeuka manjano.

Lebo ilinipa machache. Mwanamume wa miaka 71, wodi ya wanaume. Damu ilitolewa saa 12 jioni ikaingia mashineni saa 1 usiku. Kwenye fomu, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka, daktari alikuwa ameandika: homa, mguu wa kushoto umevimba na ni mwekundu, ameanzishiwa kloksasilini.

Kabla ya kufungua chochote, nilihesabu. Saa 9 na dakika 35. Muda huo peke yake ni habari, na inafaa kueleza kwa nini.

Chupa ya kuoteshea damu ina kama mililita 30 za mchuzi wa virutubisho, na mtu mzima hutolewa mililita 8 hadi 10 za damu kwa kila chupa. Watu wengi hudhani damu ya mgonjwa mwenye maambukizi imejaa bakteria kama maji ya dimbwi. Sivyo. Kwa mtu mzima, mililita moja ya damu inaweza kuwa na bakteria wasiofika 10, pengine mmoja tu. Ndiyo maana ukiichukua damu hiyo moja kwa moja kutoka kwenye mshipa na kuiweka chini ya hadubini, utaangalia mpaka macho yaume usione kitu. Inabidi uwape chakula, uwape joto la mwili, na uwasubiri wazaane. Wakizaana hutoa hewa ya kaboni dioksidi, hewa hiyo hubadilisha rangi ya kitako cha chupa, na jicho la mashine linalokipima kila baada ya dakika chache huona mabadiliko hayo. Mlio unaosikika ni wa hewa hiyo. Mashine haijamwona bakteria hata mmoja.

Sasa chukua mfano. Tuseme bakteria 100 tu waliingia kwenye chupa hii, na wanajigawa kila baada ya dakika 20, kasi ambayo bakteria wa utumbo wakishiba huifikia bila shida. Baada ya kujigawa mara 25 watakuwa zaidi ya bilioni 3, yaani karibu milioni 80 katika kila mililita ya mchanganyiko. Mara 25 kwa dakika 20 ni saa 8 na dakika 20. Ongeza muda wa kuzoea makazi mapya, unafika pale pale nilipokuwa. Bakteria wa ngozi waliobebwa na sindano kwa bahati mbaya huwa wachache na wengi wao ni wavivu. Mara nyingi chupa yao hulia baada ya siku nzima au zaidi. Chupa inayolia kabla ya saa 10 hazijatimia inakuambia kaa sawasawa. Haikuambii ni nani aliyemo.

Niliipeleka chupa kwenye kabati la usalama, nikapangusa kizibo kwa spiriti, nikaacha kikauke, nikachoma sindano na kudondosha tone kwenye kioo.

Hapa ndipo nilipokosea. Tone lilikuwa kubwa. Linatakiwa kuwa dogo na kusambazwa liwe jembamba kiasi kwamba likikauka unaweza kusoma gazeti kupitia kwake. Langu lilikauka likawa nene katikati, kama uji uliomwagika mezani. Nililiona. Nikajiambia litafaa. Saa kumi alfajiri mtu hujiambia mambo mengi.

Upakaji rangi wenyewe ni wa hatua nne na hauchukui dakika tano. Kwanza unamwaga kristali violeti, rangi ya zambarau iliyokolea, dakika moja, unasuuza. Pili aidini, dakika moja nyingine, unasuuza. Tatu asetoni au alkoholi ya kuondoa rangi, na hatua hii haihesabiwi kwa dakika: asetoni ni sekunde mbili tatu tu, unaimwaga huku kioo umekiinamisha, unaangalia zambarau ikitiririka, na inapokoma kutiririka unakatiza kwa maji mara moja. Nne safranini, ambayo huwapa rangi ya waridi wote waliovuliwa zambarau yao.

Kwa nini wengine wanavuliwa na wengine hawavuliwi? Zambarau na aidini vikikutana ndani ya bakteria hushikana na kuwa donge kubwa kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Kundi la kwanza la bakteria lina ukuta mnene, tabaka juu ya tabaka, na asetoni inapoukausha ukuta huo hujibana, donge likafungiwa ndani. Hao hubaki zambarau, nasi huwaita Gram chanya. Kundi la pili lina ukuta mwembamba sana, na juu yake utando wa nje wenye mafuta. Asetoni huyeyusha mafuta, utando hutoboka, ukuta mwembamba hauwezi kuzuia kitu, donge huchuruzika nje. Hao ndio Gram hasi, na mwisho wa yote huwa waridi. Ukumbuke utando huo wa nje, nitaurudia.

Niliweka tone la mafuta, nikashusha lenzi ya mara 100, ambayo ikizidishwa na mara 10 ya pale unapowekea jicho hukupa ukubwa wa mara 1,000. Nikageuza skrubu ndogo polepole mpaka ukungu ukatulia.

Vijiti. Vifupi, vinono, ncha zake za mviringo, vimetawanyika kimoja kimoja na viwili viwili. Vya zambarau.

Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Vijiti vya Gram chanya kwenye chupa moja ya damu mara nyingi ni wakazi wa ngozi au vumbi la mazingira, na kila mtu wodini anajua hivyo. Ningeandika maneno manne, vijiti vya Gram chanya, daktari wa zamu angeyasikia, angejibu kwa ustaarabu, "Ahsante, labda ni uchafu wa ngozi, tusubiri chupa nyingine," na asingekuwa amekosea kwa kile nilichompa. Mgonjwa angeendelea na kloksasilini yake.

Kilichonizuia kilikuwa ile saa 9 na dakika 35. Vijiti vya ngozi havina haraka hiyo. Basi badala ya kuwaangalia bakteria, nikaangalia pembeni yao.

Katika tone la damu hamna bakteria peke yao. Kuna chembechembe nyekundu zilizopasuka, kuna protini inayopaka mandhari yote, na kuna chembechembe nyeupe, askari wa damu, kila moja na kiini chake chenye vipande viwili vitatu kama karanga zilizoshikana. Kiini hicho hakina ukuta wa kushikilia zambarau. Kama asetoni imefanya kazi yake, lazima kiwe cha waridi. Nilisogeza kioo kidogo kushoto nikampata askari mmoja, nikampata wa pili. Viini vyote viwili vilikuwa zambarau kama mbilingani.

Maana yake ni moja: katika eneo lile asetoni haikufika chini. Tone lilikuwa nene mno, na kitu chochote kilichokuwamo kingebaki zambarau, kiwe chanya, kiwe hasi, kiwe uzi wa shati langu.

Hapa nichepuke kidogo, kwa sababu kisa cha njia hii kinaangukia hasa kwenye viini hivyo. Hans Christian Gram, daktari Mdenmaki, aliitoa mwaka 1884 akiwa Berlin, akifanya kazi na Karl Friedländer kwenye vipande vya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Hakuwa anatafuta namna ya kugawa bakteria makundi mawili. Tatizo lake lilikuwa kwamba akipaka rangi, nyama ya pafu na bakteria vyote vilikolea sawa, akashindwa kuwatofautisha. Alitaka rangi itoke kwenye viini vya mwili na ibaki kwa bakteria. Ilipotoka pia kwa baadhi ya bakteria, wakiwamo wa homa ya matumbo, kwake hiyo ilikuwa kasoro, na aliandika wazi kwamba njia yake bado haijakamilika. Kasoro hiyo ndiyo tunayoitegemea leo, ilhali lengo lake la asili limebaki kuwa kipimo cha pembeni: kiini kikiwa zambarau, bado hujamaliza kazi ambayo Gram mwenyewe aliianza.

Kila asubuhi sisi hupaka pia kioo cha uhakiki chenye bakteria wawili tunaowajua, mmoja chanya na mmoja hasi. Cha siku ile kilikuwa kimetoka vizuri kabisa. Watu wapya hudhani hicho kinatosha. Kioo cha uhakiki huthibitisha kwamba rangi ni nzima na asetoni haijachuja. Hakiwezi kukuambia kwamba tone ulilodondosha wewe ni nene.

Nikarudi kwenye kabati nikatengeneza kioo kingine. Tone la ukubwa wa kichwa cha kiberiti, nikalisambaza mpaka likawa kama pumzi juu ya dirisha. Rangi, aidini, asetoni, safranini. Saa 11:10 nilikuwa tena kwenye hadubini, na safari hii nilianza na askari: viini vyao waridi safi. Kisha vijiti. Vilevile vifupi, vilevile vinono, na waridi kutoka ncha hadi ncha.

Gram hasi. Sasa sura nzima ya mgonjwa ikabadilika, na si lugha tu. Vijiti vya Gram hasi kwenye damu karibu kamwe si uchafu wa ngozi. Mpaka ithibitishwe vinginevyo, huyo ni mgeni aliyeingia mwilini kwa mlango fulani, mara nyingi njia ya mkojo, nyongo au utumbo. Na ule utando wa nje unaopasuliwa na asetoni ndio huohuo unaoizuia kloksasilini isipenye. Dawa aliyokuwa akipewa mzee wa watu ilichaguliwa kwa ajili ya mguu mwekundu, na kwa mguu mwekundu ni chaguo zuri. Kwa vijiti hivi ilikuwa sawa na kummiminia maji.

Saa 11:14 nikapiga simu wodini. Iliita muda mrefu.

"Wodi ya wanaume."

"Habari za asubuhi, sista. Naongea kutoka maabara ya vimelea. Nina jibu la dharura la mgonjwa wenu, ningeomba daktari wa zamu."

"Daktari yuko kitanda cha mwisho anaweka dripu. Niambie mimi nimfikishie."

Kuna maabara ambako ungesubiri daktari. Mimi huwa nampa anayepokea, kisha namwomba daktari anipigie, kwa sababu simu iliyokatwa huwa haipigwi tena haraka. Nikataja jina la mgonjwa, namba ya jalada na mwaka wa kuzaliwa, akavitafuta, akavipata. Jina peke yake halitoshi. Wodi moja inaweza kuwa na watu wawili wenye jina la baba na la babu yanayofanana.

"Chupa moja ya damu yake imeota," nikasema. "Tumeona vijiti vya Gram hasi. Naomba unisomee ulichoandika."

Kukawa na ukimya wa kalamu.

"Nimeandika: damu imepimwa, jibu hasi."

Sikumlaumu, na wewe usimlaumu. Alikuwa amekesha na wagonjwa 30, na maneno yetu ndiyo yenye mtego. Chupa ikiota twasema kipimo ni chanya. Bakteria aliyemo akiwa wa waridi twasema ni hasi. Kwa hiyo jibu baya kuliko yote linaishia na neno ambalo, masikioni mwa kila mtu hospitalini, maana yake ni kwamba hakuna kitu. Bila kumwomba anisomee, ningekata simu nikiwa nimeridhika, naye angemfikishia daktari habari njema.

"Hapana sista, turudie pamoja. Andika kwanza: kuna bakteria kwenye damu. Umeandika? Sasa: ni vijiti. Halafu: aina yake ni Gram hasi. Hiyo hasi ni jina la aina, si jibu."

"Mungu wangu," akasema. Kisha akasoma tena, neno kwa neno, na safari hii ilikuwa sawa. Nikaandika jina lake na saa kwenye daftari: 11:18.

Tangu siku hiyo ninapanga sentensi hivyo hivyo kila ninapopiga. Bakteria kwenye damu kwanza, umbo la pili, aina ya mwisho.

Daktari alipiga baada ya dakika tatu, sauti yake bado ina usingizi lakini maswali yake yakiwa macho. Aliuliza ni bakteria gani. Nikamwambia sijui. Kwa umbo pekee naweza kukisia jamaa ya wale wa utumboni, wenye unono ule, lakini kuna vijiti vingine vya waridi vinavyofanana navyo na dawa zao ni tofauti. Aliuliza ni dawa gani itamuua. Hilo nalo sikulijua. Rangi haioneshi usugu. Nilichoweza kumwambia ni kwamba kloksasilini haigusi kundi hili, kwamba chupa imelia mapema, na kwamba kioo cha kwanza kilinidanganya nikarudia, ili asije akasikia hadithi nyingine kutoka kwa mtu mwingine.

Kisha nikauliza mimi. "Daktari, ana mpira wa mkojo?"

"Anao. Ulibadilishwa jana mchana, mkojo ulikuwa haupiti vizuri." Akanyamaza. "Homa ilianza jioni."

Hakuna aliyehitaji kuongeza neno. Mpira ukibadilishwa kwenye njia iliyokwisha kuambukizwa huweza kuusukuma ugonjwa kuingia kwenye damu, na saa chache baadaye mgonjwa anatetemeka. Mguu ulikuwa umevimba kweli, lakini alikuwa nao hivyo kwa wiki kadhaa. Ulionekana kwanza kwa sababu ulikuwa nje ya shuka.

Aliangalia vipimo vya figo vya jana, akaamua kuanza jentamisini kwa mwongozo wa hospitali yao huku kloksasilini ikiendelea mpaka mguu uangaliwe upya mchana. Aliagiza mkojo uoteshwe pia. Dozi si kazi yangu kuipanga, nami sikuipanga. Sista alinipigia saa 11:50 kusema sindano imeshaingia, jambo ambalo hakulazimika kulifanya.

Kazi ya chupa yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Nilichukua mchuzi kidogo nikapaka kwenye sahani ya agari ya damu na sahani ya Makonki, ile inayogeuka waridi bakteria wakila sukari ya maziwa. Sahani nyingine nikaiwekea vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa, moja kwa moja kutoka kwenye chupa, bila kusubiri bakteria waote kwanza. Kuna utaratibu wa kimataifa unaoruhusu kusoma sahani ya namna hiyo baada ya saa 4, 6 au 8, kwa vipimo vyake maalumu na kwa bakteria walioorodheshwa tu. Duara linaloachwa wazi kuzunguka kidonge ni mahali ambapo dawa imewashinda. Likiwa na ukungu pembezoni au likianguka kwenye eneo la mashaka, hulisomi. Unairudisha sahani kwenye joto.

Chupa ya pili, iliyotolewa mkono mwingine, ililia saa 12:20 wakati mwenzangu wa zamu ya mchana anavaa koti. Vijiti vilevile, waridi vilevile, kwenye tone jembamba. Mchana sahani ya Makonki ilikuwa imejaa madoa ya waridi na bakteria alitambuliwa kuwa Esherikia koli. Duara la jentamisini lilikuwa pana. La seftriaksoni halikuwapo kabisa, bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa kidonge, na hilo nalo likapigiwa simu. Mkojo ulimtoa huyohuyo siku iliyofuata.

Kile kioo cha kwanza sikukitupa. Kiko kwenye sanduku la mbao karibu na hadubini ya mafunzo, na wanafunzi wanapokuja huwa nawapa wakiangalie bila kuwaambia chochote. Hujibu haraka, vijiti, Gram chanya, na kunigeukia wakisubiri nikubali. Huwa nawaambia wasogeze kioo kidogo kushoto.